CD4 zilizokosekana kwenye data ya kliniki ya ARV: namna ya kuzishughulikia na kuziandika katika sura ya mbinu

Kila msimu wa tasnifu naletewa swali lilelile na wanafunzi wa uzamili wa Kampala, Mbarara na kwingineko, wengi wao wakiwa wametoka Tanzania, Kenya au Kongo kuja kusoma Uganda. Data imetolewa kliniki ya VVU, safu ya CD4 ya mwanzo imejaa matundu, na mtahini ameandika pembeni ya ukurasa: "Hizi zilizokosekana ulizifanyia nini?" Jibu linalotolewa mara nyingi ni sentensi moja, kwamba wagonjwa wenye data pungufu waliondolewa. Sentensi hiyo ndiyo inayorudisha tasnifu nyumbani.

Mwongozo huu unafuata kisa kimoja tangu mwanzo hadi aya inayoingia kwenye tasnifu. Kisa chenyewe ni watu wazima 412 walioanza ARV katika kliniki moja ya wilaya ya Kasese. Swali la utafiti: je, CD4 ya siku ya kuanza dawa inahusiana na mgonjwa kuwa hai, kuwa bado kliniki na kuwa na virusi vilivyofubazwa baada ya miezi 12? Namba zote za kisa hiki nimezitunga kwa ajili ya somo, ila mwenendo wake ni ule ninaoukuta kila mara.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Faili la data kama lilivyotoka UgandaEMR, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, lisiloguswa, pamoja na nakala ya kufanyia kazi.
- Ruhusa ya kusoma rejista ya maabara na kadi za wagonjwa. Angalia barua ya kamati ya maadili. Ikitaja data ya kompyuta peke yake, omba marekebisho kabla hujafungua rejista.
- R yenye kifurushi cha `mice`.
- Daftari la maamuzi. Kila unapobadili kitu kwenye data, andika tarehe, ulichobadili na sababu. Nusu ya sura ya mbinu utaitoa humo.
- Siku moja ya kukaa na karani wa data na mtu wa maabara. Usiiruke.

## Hatua ya 1: Tenganisha tundu la kweli na tundu la kutengenezwa

Sehemu ya matundu unayoyaona hayakuachwa na kliniki. Umeyatoboa mwenyewe ulipofungua faili.

Chukua safu ya wingi wa virusi. Maabara haitoi namba peke yake. Mgonjwa aliyefanikiwa kuliko wote, ambaye virusi havikuonekana kabisa, huandikiwa `Not detected`, na mwingine huandikiwa `<20`. Ukiiambia R igeuze safu hiyo kuwa namba, maneno yote hayo yanageuka kuwa `NA`, na kwenye skrini unapata onyo dogo tu: `NAs introduced by coercion`. Kwa hiyo unakuwa umewafuta watu waliofaulu zaidi, na kiwango chako cha mafanikio kinashuka bila sababu yoyote ya kitabibu.

Kabla ya kugeuza, angalia ni nini kitapotea:

```r
table(d$vl[is.na(as.numeric(d$vl))], useNA = "ifany")
```

Katika kisa chetu safu hiyo ilionyesha matundu 60. Baada ya amri hii tuligundua kwamba 22 kati yake yalikuwa `Not detected`. Hao si wa kujaziwa, ni watu waliofaulu. Matundu ya kweli yalibaki 38.

Kosa la pili ni tarakimu za kuzibia. Makarani wengi huandika 99 au 999 pale ambapo hakuna jibu. Kwenye uzito utaligundua upesi, lakini kwenye CD4 ni hatari zaidi, kwa sababu mtu anaweza kweli kuwa na CD4 ya 999. Usizifute kwa mkupuo. Chapa orodha ya wenye 999, kisha linganisha na rejista mmoja mmoja.

Utajua umefaulu ukiweza kusema, kwa kila safu, matundu mangapi ni ya kweli na mangapi yalitokana na usomaji wa faili.

## Hatua ya 2: Rudi kwenye karatasi

Hakuna hesabu inayoshinda jibu lililoandikwa kwenye rejista. CD4 hupimwa maabara, huandikwa kwenye rejista ya maabara, kisha mtu mwingine huihamishia kwenye kadi, na mwingine tena huiingiza kwenye kompyuta. Kila inapopita mkononi mwa mtu, chache hudondoka.

Kwenye kisa chetu wagonjwa 152 hawakuwa na CD4 kwenye kompyuta. Siku mbili za kupekua rejista zikarudisha 31, wakabaki 121, yaani asilimia 29.4.

Huku ukipekua, tazama matundu yamekaaje. Mimi nilijifunza hili nikiwa na rejista ndefu yenye jalada la kitambaa, kalamu ya risasi mkononi. Nilifunua kurasa tatu mfululizo ambazo safu ya CD4 ilikuwa tupu toka juu hadi chini, isipokuwa mistari minne hivi. Nikamuuliza mzee wa maabara. Akanijibu, "Mwanangu, vitendanishi vilikuwa vinakaribia kwisha. Hivyo vichache tuliwawekea waliokuja wamelemewa."

Maneno yale mawili matatu yalinipa zaidi ya jaribio lolote la takwimu. Yaliniambia kwamba CD4 ilikosekana kwa kutegemea mambo mawili ninayoyajua, mwezi wa kuanza dawa na hali ya mgonjwa alipofika. Andika maelezo ya namna hii kwenye daftari siku hiyohiyo. Ndiyo hoja yako mbele ya watahini.

## Hatua ya 3: Amua kisichopaswa kujaziwa

Hapa ndipo wanafunzi hupotea sana. Matundu 38 ya wingi wa virusi kwenye miezi 12 hayafanani. Tulipofuatilia majalada tulikuta 7 wamefariki, 12 wamepotea, 11 wamehamia kliniki nyingine, na 8 wapo na wanachukua dawa ila damu haikutolewa.

Aliyefariki hana wingi wa virusi wa miezi 12 uliofichika mahali. Ukimjazia namba, umembunia marehemu kipimo. Suluhisho linapatikana kwenye tafsiri ya tokeo lenyewe. Katika utafiti huu tokeo ni kuwa hai, kuwa kliniki na kuwa na virusi vilivyofubazwa, vyote kwa pamoja. Hivyo waliofariki na waliopotea wanahesabiwa kuwa hawakufikia tokeo, na hawana tundu tena. Waliobaki ni 19 (asilimia 4.6), yaani waliohama na wasiotolewa damu. Hao kweli wana jibu ambalo sisi hatukulipata.

Tafsiri hii iwe imeandikwa kwenye pendekezo la utafiti kabla hujaona matokeo. Ukiibadili baadaye, sema wazi kwamba umeibadili na kwa nini.

## Hatua ya 4: Tafuta kwa nini CD4 ilikosekana

Tengeneza safu mpya yenye 1 kama CD4 imekosekana na 0 kama ipo. Kisha ilinganishe na hatua ya ugonjwa, mwezi, umri, jinsia, uzito, na tokeo. Katika kisa chetu picha ilijitokeza mara moja:

| Hatua ya ugonjwa | Wagonjwa | Waliokosa CD4 |
|---|---|---|
| 1 na 2 | 290 | 104 (35.9%) |
| 3 na 4 | 113 | 15 (13.3%) |
| Haikuandikwa | 9 | 2 |

Wenye afya nzuri zaidi ndio wasiopimwa. Hili halishangazi kwa anayejua historia fupi ya huduma hii. Uganda ilianza mwaka 2016 kuwapa ARV wote wanaogundulika na VVU bila kusubiri CD4 ishuke. Tangu hapo CD4 haihitajiki tena kuruhusu mtu aanze dawa. Kazi yake kubwa ni kumtambua aliyezidiwa, hasa aliye chini ya 200. Vifaa vikiwa haba, mhudumu anampima yule anayemtia wasiwasi.

Sasa unaweza kusema kukosekana huku ni kwa aina gani. Kuna kukosekana kwa bahati tupu, kusikohusiana na chochote, kama mrija uliovunjika njiani. Kuna kukosekana kunakoelezeka na mambo uliyoyarekodi, kama hapa, hatua ya ugonjwa na mwezi. Na kuna kukosekana kunakotegemea namba yenyewe isiyoonekana, hata baada ya kuzingatia yote uliyonayo. Aina ya kwanza jedwali letu limeikataa. Kati ya ya pili na ya tatu, data yako haiwezi kukuamulia. Unachoweza ni kutoa hoja kwa maelezo ya maabara, kisha kuipima hoja hiyo kwenye Hatua ya 7.

Onyo: usiandike kwamba data zilikosekana kwa bahati tupu kwa sababu tu jaribio limetoa p iliyo juu ya 0.05. Jaribio lisilogundua tofauti halijathibitisha kwamba tofauti haipo, hasa kwa sampuli ndogo.

## Hatua ya 5: Chagua njia na ujue kwa nini umeziacha nyingine

Kuziba matundu kwa wastani kunaharibu zaidi kuliko kunavyosaidia. Wagonjwa 121 wanapewa CD4 ileile, mtawanyiko unapungua, na uhusiano wa CD4 na tokeo unafifia. Kuunda kundi la "haijulikani" pia huonekana nadhifu kwenye jedwali, lakini katika tafiti za uchunguzi linaweza kupotosha makadirio ya vigezo vingine vyote.

Kuwaondoa wenye matundu kunahitaji haki yake itendeke. Katika rigresheni, kama CD4 inakosekana kwa sababu ya hatua ya ugonjwa na mwezi, na haihusiani na tokeo ukishazingatia hayo, basi kubaki na waliokamilika hakupotoshi uwiano unaoutafuta, mradi hatua na mwezi vimo ndani ya modeli. Hasara ni kwamba unabaki na watu 271 badala ya 412, makadirio yako yanalegea, na takwimu za maelezo kama wastani wa CD4 zinawawakilisha waliokuwa wagonjwa zaidi. Mtahini akikuuliza, jibu hivi. Usiseme tu kwamba njia hiyo ni mbaya.

Njia tutakayotumia ni kujazia mara nyingi. Kompyuta inajifunza kutoka kwa walio na CD4, kisha inamjazia kila asiye nayo thamani inayowezekana kwa mtu wa aina yake. Kazi hiyo inarudiwa, tupate faili nyingi zilizojaa, kila moja ikiwa na thamani tofauti kidogo. Tofauti kati ya faili ndiyo inayobeba ukweli kwamba hatukupima. Tunachambua kila faili peke yake na kuunganisha majibu kwa kanuni za Rubin.

Faili ngapi? Kanuni rahisi ni kwamba idadi isipungue asilimia ya watu wenye tundu angalau moja. Kwetu ni 141 kati ya 412, asilimia 34.2, kwa hiyo tunachukua 40. Tano za kawaida za `mice` hazitoshi hapa.

## Hatua ya 6: Jazia, na ukague kabla ya kuamini

Modeli ya kujazia iwe na kila kitu kilichomo kwenye modeli ya uchambuzi, na zaidi yake vile vinavyoeleza kukosekana: uzito na kulazwa. Tokeo lazima liwemo. Wengi huliondoa wakiogopa kwamba ni kujizungusha. Ukiliondoa, CD4 zinazojaziwa zinakuwa hazijui lolote kuhusu tokeo, na uhusiano unaoutafuta unasukumwa kuelekea kutokuwepo. Namba ya mgonjwa, `id`, kwa upande mwingine, isitumike kutabiri chochote. Katika msimbo huu `d2` ni data yenye vigezo hivyo peke yake pamoja na `id`.

```r
library(mice)
ini  <- mice(d2, maxit = 0)
pred <- ini$predictorMatrix
pred[, "id"] <- 0
imp  <- mice(d2, m = 40, maxit = 20,
             predictorMatrix = pred, seed = 2024)
plot(imp)
densityplot(imp, ~ cd4)
```

Hakikisha tokeo, jinsia na hatua ya ugonjwa vimewekwa kama `factor` kabla ya kuanza, la sivyo `mice` haitavichukulia kuwa makundi. Kwa CD4 yenyewe itatumia `pmm`, inayoazima thamani halisi kutoka kwa mgonjwa anayefanana naye. Uzuri wake ni kwamba hutapata CD4 iliyo chini ya sifuri wala ya 4,000.

Mchoro wa `plot(imp)` unaonyesha mistari ya kila faili jinsi inavyokwenda raundi kwa raundi. Mistari ikisukana bila kupanda wala kushuka, uko salama. Ikiwa imetengana kama barabara mbili, au bado inapanda kwenye raundi ya 20, ongeza `maxit` au tafuta safu mbili zinazobeba habari ileile, kwa mfano uzito wa kilo na uzito wa gramu.

Mchoro wa pili unalinganisha CD4 zilizopimwa na zilizojaziwa. Hapa wanafunzi hushtuka wakiona mikunjo haijalingana. Haihitaji kulingana. Kwetu, waliopimwa wana wastani wa 318 na waliojaziwa kama 357, na wote kwa pamoja 329. Tofauti hiyo ndiyo tuliyoitarajia, kwani wengi wa wasiopimwa ni wa hatua ya 1 na 2. Ungekuwa na wasiwasi kama waliojaziwa wangekuwa chini ya waliopimwa, maana maelezo ya mzee wa maabara yanasema kinyume.

Kisha uchambuzi wenyewe, ambapo `faulu` ni tokeo na `who` ni hatua ya ugonjwa:

```r
fit <- with(imp, glm(faulu ~ I(cd4/100) + who + umri +
                     jinsia + mwezi, family = binomial))
summary(pool(fit), conf.int = TRUE, exponentiate = TRUE)
```

CD4 nimeigawa kwa 100 ili uwiano usomeke kwa kila ongezeko la seli 100. Ongezeko la seli moja halina maana kwa daktari. Usithubutu kuchukua wastani wa faili 40 na kuchambua hiyo moja. Hapo umerudi kwenye kuziba kwa wastani kwa njia ndefu.

## Hatua ya 7: Isukume dhana yako uone kama inaanguka

Tumedhani kwamba ndani ya hatua ileile na mwezi uleule, asiyepimwa anafanana na aliyepimwa. Huenda sivyo. Pengine mhudumu aliona kwa macho nani yuko imara zaidi, jambo ambalo hatukulirekodi. Kwa hiyo rudia kujazia huku ukiwaongezea waliojaziwa seli 50, kisha 100, halafu ukiwapunguzia vivyo hivyo:

```r
post <- ini$post
post["cd4"] <- "imp[[j]][, i] <- pmax(0, imp[[j]][, i] + 50)"
imp50 <- mice(d2, m = 40, maxit = 20, post = post,
              predictorMatrix = pred, seed = 2024)
```

Kwa wale 19 wasio na tokeo fanya hesabu mbili za kupindukia: mara moja wote wamefaulu, mara moja wote wameshindwa. Weka majibu yote kwenye jedwali moja pamoja na ya waliokamilika 271. Kama uwiano unabaki upande uleule na hitimisho halibadiliki, sema hivyo. Kama linageuka kwenye +100, hayo nayo ni matokeo, na yaandikwe, pamoja na maoni yako kama tofauti ya seli 100 inawezekana kliniki kwako.

## Hatua ya 8: Andika sura ya mbinu

Mwongozo wa STROBE, wa kuripoti tafiti za uchunguzi, unagawa kazi vizuri. Namna ulivyoshughulikia data pungufu huenda kwenye mbinu, kipengele cha 12(c). Idadi ya waliokosa kwa kila safu huenda kwenye matokeo, kipengele cha 14(b). Ukizichanganya, mbinu zako zinajaa namba na matokeo yanabaki mafupi.

Aya ifuatayo ibadili ifanane na data yako, na kama chuo chako kinapokea tasnifu kwa Kiingereza, iandike upya kwa Kiingereza badala ya kuitafsiri neno kwa neno:

> Thamani zilizokosekana kwenye mfumo wa kompyuta zilitafutwa kwanza kwenye rejista ya maabara na kadi za wagonjwa. Majibu ya wingi wa virusi yaliyosema virusi havikuonekana yalihesabiwa kuwa virusi vilivyofubazwa. Wagonjwa waliofariki au kupotea kabla ya miezi 12 walihesabiwa kuwa hawakufikia tokeo. Waliohama na ambao damu haikutolewa walichukuliwa kuwa na tokeo lililokosekana. Asilimia 34.2 ya wagonjwa walikosa angalau thamani moja. CD4 ya mwanzo ilikosekana zaidi kwa wagonjwa wa hatua ya 1 na 2, na katika miezi ambayo vitendanishi vilipungua; kwa hiyo tulidhani kwamba kukosekana kwake kunaelezeka na vigezo vilivyorekodiwa. Tulijazia mara nyingi kwa mfuatano wa modeli, faili 40 na raundi 20, kwa kifurushi cha `mice` katika R. Modeli ya kujazia ilijumuisha tokeo, vigezo vyote vya uchambuzi, uzito na kulazwa. CD4 na uzito vilijaziwa kwa `pmm`, tokeo kwa rigresheni ya lojistiki, na hatua ya ugonjwa kwa rigresheni inayofaa makundi yenye mpangilio. Makadirio yaliunganishwa kwa kanuni za Rubin. Uthabiti ulipimwa kwa kuchambua wagonjwa waliokamilika peke yao, kwa kubadili CD4 zilizojaziwa kwa seli 50 na 100 kwenda juu na chini, na kwa kuhesabu matokeo yote yaliyokosekana kuwa mafanikio na kisha kuwa kushindwa.

Soma kila sentensi ukijiuliza kama uliifanya kweli. Hatua ya ugonjwa, kwa mfano, itajaziwa kama makundi yenye mpangilio ikiwa tu uliiweka `ordered` na ina zaidi ya makundi mawili. Ukiangalia `imp$method` utaona `polr`. Ukiona kitu kingine, badili aya ifuate kilichofanyika.

Ongeza pia matoleo ya programu, unayoyapata kwa `R.version.string` na `packageVersion("mice")`, pamoja na namba ya `seed`. Msimbo wote uweke kwenye kiambatisho, pamoja na ukurasa wa daftari la maamuzi unaoonyesha zile CD4 31 zilitoka rejista gani na tarehe gani, bila jina wala namba ya mgonjwa.